Mwongozo kamili: kusoma umri wa trendi kwa Aroon bila kudanganywa na laini zikikatana

Haya jamani, hii naiandika mana swali ni lile lile kila siku, mtu anakuja na skrinshoti, "sheikh, Aroon imekatana juu nikanunua, mbona bei imelala tu, tena leo imekatana chini, niuze?" Na ukimuuliza ile laini imepanda kwa sababu gani hajui, yeye anajua imepanda basi.

Sasa Aroon ni indiketa ya laini mbili, Up na Down, na haipimi bei imepanda kiasi gani. Inapima muda tu, yani mishumaa mingapi imepita tangu bei iguse juu kabisa, na mingapi tangu iguse chini kabisa. Ukiishika hiyo vizuri, mengine yote huko chini yanafuata yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Chati yenye Aroon. Kwenye TradingView andika `Aroon` kwenye sehemu ya indiketa, iko bure. MetaTrader haiji nayo, kwa kompyuta unaweza kuiongeza mwenyewe lakini ile ya simu haikubali kuongezwa indiketa, kwa hivo usihangaike nayo.
- Chati ya siku, yani mshumaa mmoja siku moja. Usianzie dakika tano.
- Google Sheets au Excel, kwa hatua ya 2 peke yake.
- Daftari na kalamu. Simu pia sawa, lakini uandike kweli.

Pesa haihitajiki hapa. Kama una akaunti tayari ina hela ndani, iache ilale kwanza.

## Hatua ya 1: Weka urefu, alafu usiuguse tena

TradingView inakuletea `Length` ya 14. Mimi kwa chati ya siku naweka 25, ambayo kwa soko la siku tano kwa wiki ni wiki tano hivi. Wewe ukitaka 14 weka 14, ugomvi sina, kosa ni kubadilisha kila bei inapokukataa, leo 14, kesho 9, keshokutwa 30, hapo unatafuta namba ya kukufurahisha na utaipata tu.

Urefu ndo kumbukumbu ya hii indiketa. Ukiweka 25 inaangalia mshumaa wa leo pamoja na 25 iliyotangulia, jumla 26, hilo ndo dirisha lake, na chochote kilichotokea kabla ya hapo kwake hakipo. Ichukulie kama matatu yenye viti 26, kila siku anapanda abiria mmoja mpya na wa zamani kuliko wote anashuka, na makanga anawajua waliomo ndani tu, huyo aliyeshuka hata angekuwa mrefu kupita wote hahesabiwi tena. Hapa pa kushuka ndo panawaponza wengi, tutafika.

Umefaulu ukiona: laini mbili chini ya chati, zinatembea kati ya 0 na 100, hazitoki nje hata siku moja. Angalia kwenye setingi rangi gani ni `Aroon Up` na ipi `Aroon Down`, nimeshaona mtu kazisoma kinyume na anabisha.

## Hatua ya 2: Ihesabu kwa mkono mara moja

Hii watu wanairuka na ndo mana wanapotea. Fomula ni hii, N ni ule urefu:

```
Aroon Up   = 100 * (N - mishumaa tangu juu kabisa) / N
Aroon Down = 100 * (N - mishumaa tangu chini kabisa) / N
```

Juu kabisa ikiwa ni leo, Up ni 100. Ikiwa ilikuwa mishumaa N iliyopita, Up ni 0. Katikati ya hapo inashuka kiasi kile kile kila mshumaa: ukiweka 25 inashuka 4, ukiweka 14 inashuka 7.14, ukiweka 10 inashuka 10 kamili. Kwa mazoezi tumia 10, hesabu inakuwa nyepesi.

Kwenye Sheets weka siku kwenye A, bei ya juu ya siku kwenye B, bei ya chini kwenye C, ukianzia mstari wa 2. Mistari ya mwanzo haina jibu mana unahitaji siku 11, kwa hivo fomula inaanza mstari wa 12, Up kwenye D na Down kwenye E, kisha unaziburuta kwenda chini:

```
=100*(MATCH(MAX(B2:B12),B2:B12,0)-1)/10
=100*(MATCH(MIN(C2:C12),C2:C12,0)-1)/10
```

Onyo dogo: siku mbili zikiwa na bei ya juu sawasawa, `MATCH` inachukua ile ya zamani, na programu zingine zinachukua ya karibuni. Ukiona namba zako zimepishana na za chati angalia hapo kwanza kabla hujaanza kulaumu fomula.

Alafu jifunze kurudi nyuma, yani kutoka kwenye namba ya chati hadi mishumaa. Urefu wa 25 na Up inasoma 84, imepungua 16 kutoka 100, gawanya kwa 4, mishumaa 4. Kwa hivo juu kabisa iliguswa mishumaa 4 iliyopita, nenda kwenye chati uhesabu kwa kidole uone.

Umefaulu ukiona: unaweka kidole kwenye mshumaa wenyewe, na bei yake ya juu kweli imezidi zote ndani ya dirisha. Ukishindwa hapa usiendelee, rudia.

## Hatua ya 3: Toa namba mbili, umri na ukimya

Mtu akisema trendi imezeeka huwa anachanganya vitu viwili. Mimi navitenganisha, na majina nimeyapa mwenyewe, kwa hivo usiyatafute kwenye setingi.

Umri wa trendi ya kupanda ni mishumaa tangu ile chini ambapo ilianzia. Hiyo inatoka kwenye laini ya Down: mara ya mwisho ilipogusa 100, huo mshumaa ndo wa kuzaliwa.

Ukimya ni mishumaa tangu bei iweke juu mpya. Hiyo inatoka kwenye Up.

Trendi ya kushuka unageuza tu, umri kwenye Up, ukimya kwenye Down.

Sasa sikiliza, umri peke yake hauui trendi. Trendi ya siku 60 ambayo Up yake iko 96 ina afya kuliko ya siku 12 ambayo Up imeshuka hadi 60, mana ya kwanza jana tu imeweka juu mpya na hii nyingine imekaa kimya siku nyingi. Anayekimbia kisa tu imekaa sana anaacha hela mezani, na anayeng'ang'ania kwa sababu eti bado changa huyo anaumia zaidi.

Na hapa kuna mpaka wa Aroon ambao lazima uujue: Down ikifika 0 inaweza kukaa hapo hapo wiki nzima. Chini ya mwanzo ikishatoka dirishani, chini kabisa inayobaki kwenye trendi inayopanda vizuri ni ya mshumaa wa zamani kuliko wote waliobaki, kwa hivo jibu linakuwa 0 tena na tena. Kwa hivo 0 isome "imefika N, au imezidi". Imezidi kwa ngapi, Aroon haikwambii. Ndo mana nikasema daftari, ile siku Down imegusa 100 iandike tarehe na bei, uhesabu mwenyewe kuanzia hapo.

Umefaulu ukiona: unaweza kuandika mstari kama "umri 17, ukimya 7" bila kukisia hata moja.

## Hatua ya 4: Mfano mzima, siku kwa siku

Hii kaunta nimeitunga, usiniulize ni hisa gani. Urefu 10. Bei ilikuwa inashuka ikafika 18.00 siku ya 7, hiyo ndo chini yake, kisha ikaanza kupanda. Siku zingine nimezitoa kwenye jedwali, zikihitajika nitazitaja huko chini.

| Siku | Juu | Chini | Up | Down |
|---|---|---|---|---|
| 11 | 19.60 | 19.00 | 0 | 60 |
| 12 | 19.90 | 19.30 | 100 | 50 |
| 17 | 21.00 | 20.50 | 100 | 0 |
| 22 | 20.60 | 20.10 | 50 | 0 |
| 25 | 20.90 | 20.20 | 20 | 0 |
| 26 | 20.80 | 20.20 | 10 | 70 |
| 27 | 20.70 | 20.15 | 0 | 60 |
| 28 | 20.75 | 20.20 | 70 | 50 |
| 29 | 20.95 | 20.40 | 100 | 40 |

Siku ya 11, Down ni 60, yani chini iko siku 4 nyuma, siku ya 7, sawa. Up ni 0 mana juu ya dirisha bado ni ile 19.80 ya siku ya 1 kabla haijaporomoka.

Siku ya 12 Up inaruka hadi 100 na kuivuka Down. Hii kukatana ni ya kweli, bei imegusa 19.90 na hakuna siku ndani ya dirisha iliyofika hapo. Umri 5, ukimya 0. Trendi changa inaongea.

Siku ya 17 inagusa 21.00. Umri 10, ukimya 0, na Down ndo imefika 0. Kuanzia hapa Down haina habari mpya tena ya umri, unategemea daftari.

Kuanzia siku ya 18 hakuna juu mpya. Up inashuka ngazi moja moja, 90, 80, 70, na siku ya 22 iko 50: umri 15, ukimya 5, nusu ya dirisha imepita kimya. Mimi hapa ndo nasema trendi imechoka. Sisemi imegeuka, mana bei ya chini hata 20.00 haijavunja. Kama ningekuwa ndani nisingeongeza, na stopu ningeisogeza karibu.

Sasa angalia siku ya 26 vizuri. Jana Down 0, leo 70, na imeivuka Up ambayo iko 10. Anayeangalia laini tu anauza hapo hapo. Lakini bei imefanya nini leo? Chini ya jana 20.20, chini ya leo 20.20, hakuna lolote! Kilichotokea ni kwamba siku ya 15, ambayo bei yake ya chini ilikuwa 20.00, imeshuka kwenye matatu, na chini kabisa iliyobaki ni 20.05 ya siku ya 23, siku 3 nyuma, kwa hivo 70.

Siku ya 28 kichekesho kinarudi upande wa pili. Ile 21.00 ya siku ya 17 imetoka dirishani, iliyobaki juu kabisa ni 20.90 ya siku ya 25, Up inaruka kutoka 0 hadi 70 na kuivuka Down. Aliyeuza siku ya 26 sasa ananunua tena, na siku zote hizo kuanzia ya 18 bei imezunguka kati ya 20.05 na 20.90 tu. Kalipa broka mara mbili kwa safari ya kwenda popote pale.

Umefaulu ukiona: ukiangalia siku ya 26 unasema mwenyewe "huu mruko ni wa dirisha" kabla hujasoma maelezo.

## Hatua ya 5: Kila laini ikipanda, uliza imepandaje

Laini ya Aroon inapanda kwa njia mbili peke yake. Ama mshumaa wa leo umeweka juu au chini mpya ya dirisha, au ile ya zamani imetoka. Nje ya hapo inashuka kila siku bila kukosa, au inabaki 0.

Kuzitofautisha ni rahisi mno:

1. Imeruka ikafika 100: bei ya leo ndo imefanya. Ni tukio.
2. Imeruka ikasimama chini ya 100, iwe 70, iwe 40, hata 96: leo hakuna kilichotokea, ni dirisha limesogea.

Hiyo ya pili sio takataka kabisa. Inakwambia bei imekaa kimya dirisha zima, yani inatembea pembeni, ujue uko kwenye tuo. Ila sio amri ya kununua wala kuuza.

Na hata 100 ina mtego wake. Tazama siku ya 29, Up ni 100 lakini bei imefika 20.95 tu, na siku ya 17 ilifika 21.00. Aroon imeshaisahau 21.00, wewe usiisahau. Ndo mana kwenye daftari mbali na tarehe ya kuzaliwa uwe umeandika juu kabisa ya trendi nzima, na 100 yoyote uilinganishe na hiyo. Kwangu mimi trendi inahesabika imeamka ikipita 21.00 na kufunga juu yake. Kabla ya hapo bado ni kimya, umri 22, ukimya 12, ijapokuwa indiketa inasema ukimya 0.

Ukitaka msaada, weka Aroon ya pili yenye urefu mara mbili, 25 kwa 50. Mruko ukionekana kwenye ile fupi na ile ndefu haijatikisika, aghlabu ni dirisha.

## Hatua ya 6: Subiri mshumaa ufungwe

Mshumaa ukiwa bado unaendelea, bei ikigusa juu mpya asubuhi Up inaenda 100 pale pale, na ikishafika kwa siku hiyo hairudi hata bei ikianguka mchana, mana inaangalia bei ya juu ya siku, haiangalii ilipofunga. Unaweza kuona Up 100 na Down 100 siku moja, mshumaa mrefu umevunja pande zote mbili. Hiyo ni vurugu, usiipe jina la trendi.

Kwa hisa za Nairobi soko linafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, kwa hivo isome baada ya swala ya alasiri ukiwa umetulia na kahawa yako. Kwa foreksi, mabroka wengi wanafuata saa ya kufunga ya Nyu Yoki, huku kwetu inaangukia saa sita usiku au saa saba kulingana na Wamarekani wamesogeza saa zao au la. Hakuna haja ya kukesha, soma asubuhi.

## Mahali ambapo Aroon haikusaidii

Ukubwa wa hatua haiuoni. Juu mpya kwa senti tano na juu mpya kwa shilingi mbili, zote kwake ni 100. Ndo mana lazima bei iwe mbele ya macho yako pamoja na laini.

Mkia mmoja unaharibu dirisha zima. Mshumaa mmoja wenye mkia mrefu wa juu, bei iliyoguswa kidogo ikarudi, unaishika saa ya Up mishumaa 25 mizima. Up itakuwa inashuka kama trendi imekufa na huku bei inapanda polepole chini ya ule mkia. Ukishuku hivo kwenye Sheets, weka bei za kufunga kwenye B na C zote mbili, uone hadithi inabadilika au la.

Kaunta zenye biashara chache. Soko la Nairobi lina hisa ambazo siku zingine haziuzwi hata moja, au zinauzwa kidogo kwa bei ile ile ya jana. Hapo unapata bei sawa siku kibao, na lile tatizo la `MATCH` na chati kuchagua siku tofauti linakuwa la kila siku. Isitoshe chati zingine zinaruka siku isiyo na biashara, kwa hivo mishumaa 25 inaweza kuwa miezi miwili ya kalenda. Kabla ya kusoma umri hesabu tarehe kwanza. Kaunta ya namna hiyo mimi Aroon siiweki kabisa.

## Jinsi daftari linavokuwa

Mfano wetu, jioni ya siku ya 28, ukurasa wangu ungesomeka hivi tu:

- Kuzaliwa: siku ya 7, 18.00. Umri 21.
- Juu ya trendi: 21.00, siku ya 17. Ukimya 11.
- Up 70: dirisha. Down 50: chini kabisa ni 20.05, siku ya 23.
- Ikifunga juu ya 21.00, trendi ile ile inaendelea, ukimya unarudi 0.
- Ikifunga chini ya 20.05, Down itakuwa imegusa 100 ya kweli, na siku ya 17 iliyogusa 21.00 inageuka kuwa siku ya kuzaliwa ya trendi ya kushuka.
- Ikibaki katikati, siandiki kitu.